Tupeane uzoefu: siku ya kwanza ya msimu, meneja wa ghala aliwaambia nini?

Kibarua wa Zamani
Wakuu, habari za jioni. Msimu wa korosho umefika, na vijana wengi wanaelekea kwenye maghala ya Mtwara, Lindi na Tunduru kutafuta kibarua cha kushusha na kupakia. Aliyewahi kuifanya kazi hii atuambie: asubuhi ile ya kwanza meneja aliwapa maelezo gani ya usalama, na yapi yalikusaidia kweli? Naanza mimi.

Mwaka 2016 nilipata kibarua kwenye ghala moja mkoani Mtwara. Tulikuwa kama arobaini, na wengi hatukuwahi kubeba gunia la korosho. Meneja alikuwa mama wa makamo. Hakutusomea karatasi. Alituingiza ndani, akatusimamisha mbali kidogo na staki ya magunia iliyopanda karibu na mabati. Mzee mmoja wa gengi alikuwa ameshapanda kwa upande wa nyuma. Akateremsha kamba yenye jiwe kwenye ncha, kama timazi ya fundi mwashi. Juu kamba iligusa gunia, lakini chini jiwe lilining'inia kiganja kizima kutoka kwenye gunia la kwanza.

Mama akasema, "Mnaiona hiyo nafasi? Jana asubuhi ilikuwa vidole vitatu. Staki hii inatembea. Kila gunia hapo lina kilo 80, na likianza kuja moja haliji peke yake. Leo hakuna anayepita upande huu, hata nikimtuma mimi mwenyewe. Nikisahau nikakutuma, kataa."

Kisha akatukataza mambo matatu. Usichomoe gunia la chini wala la katikati, hata kama ndilo lililo karibu na mkono wako. Usipumzike kwenye kivuli kati ya staki mbili. Na ukiona korosho sakafuni mahali palipofagiliwa, usiiname kuziokota, piga kelele kwanza.

Kazi yetu ya kwanza ikawa kuibomoa staki ile. Tulianza juu kabisa, tukiingilia upande wa nyuma, tukashuka kwa ngazi ngazi ili pasibaki ukuta uliosimama wima. Ilituchukua hadi saa tisa. Chini tulikuta ubao mmoja wa chaga umevunjika, msumari umechana gunia la kona, na korosho zilikuwa zikimwagika kidogo kidogo chini ya chaga. Gunia lile lilikuwa limebaki nusu, na yote ya juu yake yalikuwa yanalifuata. Siku ile mama alitulipa kwa kutwa, siyo kwa gunia, ili mtu asiwe na haraka.

Mtunza Ghala
Huyo mama alijua kazi. Nimetunza maghala misimu tisa, na niliyoyaona yanafanana na hayo. Staki hainyanyuki ghafla ikaanguka, inaaga kwanza. Magunia ya chini yanatoka matumbo upande mmoja, mistari ya tabaka inapinda, korosho zinaonekana sakafuni kila asubuhi hata kama jioni mlifagia.

Chanzo huwa siku ya kupanga. Tabaka la kwanza likilala hivi, la pili lilale kinyume chake, yafungane kama matofali kwenye kona. Vijana wakichoka wanapanga gunia juu ya gunia, na hapo umejenga nguzo zinazosimama bega kwa bega bila kushikana. Jambo jingine ni ujazo. Vyama vya msingi vinaleta magunia mengine yamejaa vizuri, mengine yamelegea. Yaliyolegea ukiyaweka chini yanabonyea. Mimi huyaweka juu.

Na acha njia kati ya staki na ukuta, mtu apite na tochi akague. Staki iliyobanwa ukutani huwezi kuijua afya yake.

Mjasiriamali Tandahimba
Samahani wakuu, unyaufu unaruhusiwa kilo ngapi kwa gunia? Mimi nilipeleka korosho zangu, kwenye mizani ya pili zikapungua.

Mtunza Ghala
Ndugu yangu, hilo lina uzito wake, lakini lifungulie uzi wake. Hapa tunazungumzia vibarua wasiumie.

Kijana wa Nachingwea
Sisi tulihimizwa zaidi kuhusu dawa ya kufukizia, vile vidonge vinavyowekwa chini ya turubai. Tuliambiwa ukisikia harufu ya kitunguu saumu, toka nje. Kama hakuna harufu, ghala liko salama, ingia kazini. Na ukihisi kizunguzungu unywe maziwa, yanakata sumu. Mimi nilikuwa nafunga na kitambaa puani.

Mtunza Ghala
Mdogo wangu, la kutoka nje ukisikia harufu ni sahihi, na utoke bila kurudi kuchukua simu. Mengine yaache. Gesi ya vidonge vile inaweza kuwepo na pua isinuse chochote. Ghala linafunguliwa milango yote, linapigwa upepo, kisha mfukizaji anaingia na kifaa cha kupimia. Yeye ndiye anayeondoa kibao cha hatari mlangoni, siyo kuli na wala siyo dereva mwenye haraka. Kitambaa hakizuii gesi. Maziwa hayakati sumu hiyo, yanakuchelewesha kwenda hospitali. Na vidonge hivyo visiguswe na maji, maana unyevu ndio unaotoa gesi.

Mama Chai Mombasa
Hujambo nyote. Mimi nilifanya kazi ghala la chai hapa Mombasa. Kwetu mifuko ya chai hukaa juu ya paleti na kubebwa na foklifti, kwa hivyo meneja hakuongea sana juu ya kubeba. Alichora mistari miwili ya rangi ya manjano sakafuni, akatuambia foklifti ikibeba paleti ndefu dereva haoni mbele, huenda kinyumenyume. Basi usimwangalie mashine, mwangalie dereva machoni. Asipokuona, wewe haupo. Sijui kama huko kwenye korosho mna foklifti?

Kibarua wa Zamani
Dada, ghala letu halikuwa nayo. Kila kitu kilipita begani.

Mpakiaji Masasi
Nyie mlibahatika. Kwetu maelezo yalichukua dakika mbili, getini, na malori yanapiga honi. "Kuweni makini, kazi njema." Tunalipwa kwa gunia, kwa hiyo na sisi wenyewe hatukutaka kusikiliza. Siku ya nne, mwenzangu alichomoa gunia la katikati ili awahi lori. Yakashuka matano. Mguu ulivunjika mara mbili chini ya goti. Meneja akasema yeye hakumwajiri, aliyemwajiri ni mkandarasi wa upakiaji. Mkandarasi akasema jina lake halimo kwenye orodha. Nauli ya hospitali tulichanga sisi.

Naomba anayejua anijibu: kibarua asiye na mkataba wa maandishi anadai fidia kwa nani?

Mtunza Ghala
Pole sana, kaka. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi upo, na ajali inatakiwa itolewe taarifa na mwajiri. Ugumu ni hapo hapo, nani mwajiri. Mimi kila asubuhi naandika majina kwenye daftari la getini, na kila mtu anasaini kabla ya kugusa gunia. Kama ghala lenu lilikuwa na daftari, litafuteni. Mwanasheria atueleze zaidi, nisije nikampotosha.

Mpakiaji Masasi
Daftari lilikuwepo la malori. La watu sikuwahi kuliona.

Kijana wa Nachingwea
Kibarua wa Zamani, swali moja. Yule mama alisema "nikikutuma, kataa". Kuna aliyewahi kukataa kweli?

Kibarua wa Zamani
Ndiyo, wiki ya tatu. Lori lilikuwa linasubiri, na mama akamwambia kijana mmoja apite nyuma ya staki ya saba akalete turubai. Kijana akasimama, akasema, "Mama, kule chini kuna korosho." Mama akamtazama kidogo, kisha akaita kamba na jiwe.