Tegi ilikatika siku tatu na ofa ya Sabasaba iko mlangoni: nifute data, niweke msimu au niache tu?

Muuza_Simu_Kkoo
Wakuu habari za saa hizi. Nina duka la simu mtandaoni, stoo iko Kariakoo, matangazo ya Google nayaendesha mwenyewe kwa Target CPA ya 6,000. Tarehe 24 Juni asubuhi jamaa anayenitengenezea saiti alibadilisha ukurasa wa "asante kwa oda" akaisahau tegi, imerudishwa tarehe 26 jioni. Oda dukani ziliingia kama kawaida ila kwenye akaunti ya matangazo sifuri siku zote tatu, na leo naona kliki zimeshuka toka kama 900 kwa siku mpaka 500 maana mfumo unaona watu hawanunui basi unapunguza bei ya mnada. Na tarehe 5 mpaka 7 Julai nina ofa ya Sabasaba. Sasa kati ya Data exclusions, Seasonality adjustments na kuacha ijirekebishe yenyewe, kipi kinanifaa? Kuna mtu kaniambia nizime kampeni zote nianze upya, roho inasita.

kijana_wa_Sinza
Usizime kaka. Weka Data exclusions tarehe 24 mpaka 26 basi umemaliza, ni dakika mbili.

DadaVitenge
Mimi niliacha tu mwaka jana tegi ilipokufa nusu siku na haikuleta shida. Swali langu, nikiweka hiyo exclusion zile sifuri zitatoka kwenye ripoti? Bosi anaziangalia kila Jumatatu.

FundiTegi_Mbezi
Dada, ripoti haiguswi kabisa, zile sifuri utaziona hapohapo. Inachofanya ni kuuambia mfumo wa bei usijifunze kutokana na siku hizo. Na nusu siku uliyoiacha ulifanya sawa, nisingehangaika nayo hata mimi.

Kijana wa Sinza uko sawa kwenye chombo ila tarehe umekosea, na hapa ndo wengi wanaharibu. Exclusion inahesabu siku ya KLIKI, haihesabu siku ya oda. Mtu aliyekliki tarehe 22 akaenda kuulizia bei maduka mengine, akarudi kununua tarehe 24, oda yake imepotea ila kliki yake imebaki tarehe 22 ikionekana haijazaa kitu. Kwa hiyo mwenye uzi fungua ripoti ya kampeni, nenda Segment > Conversions > Days to conversion, uone wateja wako huwa wanachukua siku ngapi toka kliki mpaka oda. Tumia kipindi cha kabla tegi haijakatika.

Muuza_Simu_Kkoo
Nimeangalia mkuu, kwenye oda 10 kama 9 zinaingia ndani ya siku 2.

FundiTegi_Mbezi
Basi anzia tarehe 22, ishia saa ileile tegi iliporudi tarehe 26. Njia ni hii:

```
Tools > Budgets and bidding > Adjustments
```

Weka leo hii, usingoje, na usishtuke bei zikiyumba kidogo. Ila ukiweza kuzipakia zile oda zilizopotea kwa kutumia namba za GCLID za kliki ulizohifadhi, hiyo ni bora kuliko kufuta, kwa sababu mfumo unapata ukweli wenyewe.

Ofa ni jambo lingine kabisa. Hapo data yako ni ya kweli, watu wananunua kweli, usiifute. Weka Seasonality adjustments kabla ofa haijaanza. Mwaka jana kipindi cha ofa kliki 100 zilikupa oda ngapi?

Muuza_Simu_Kkoo
3, siku za kawaida 2.

FundiTegi_Mbezi
Basi jaza +50%, kwa sababu ni nyongeza juu ya kawaida yako. Ukijaza 1% kisa imetoka 2 kwenda 3 hutaona kitu, ukijaza 150% utalipia kliki bei ya kuumiza. Kifaa hiki ni cha siku 1 mpaka 7, ukizidisha 14 hakifanyi vizuri. Na ongeza bajeti, la sivyo saa sita mchana imeisha.

kijana_wa_Sinza
Hilo la siku ya kliki nilikuwa silijui, asante. Ofa ikiisha si anaweka hasi 30 ili bei zirudi?

FundiTegi_Mbezi
Hapana, ikiisha inarudi yenyewe. Hasi weka tu kama unajua mauzo yatalala kweli.

Mama_Keki_Tegeta
Samahani naingilia. Kwangu tegi ilikuwa nzima ila malipo ya simu yaligoma masaa sita, watu wakafika kwenye kulipa wakakwama. Nifute masaa hayo?

FundiTegi_Mbezi
Mimi ningefuta, wateja walitaka kununua wakazuiwa, ni kama saiti ilikuwa chini.

DadaVitenge
Mimi nisingefuta dada, malipo kwangu yanagoma karibu kila wiki. Ukifuta kila mara mfumo utajifunzia wapi, wakati hivi vitu vimewekwa kwa ajili ya tatizo la mara mojamoja.

Muuza_Simu_Kkoo
Nimeshaweka 22 mpaka 26 saa 12 jioni. Namba za GCLID dogo wa saiti anasema zilihifadhiwa kwa baadhi ya oda tu, kesho nakaa naye tuone ni ngapi.