Notisi ya kupandishiwa kodi ya pango: barua fupi ya kukataa, au kujibu kifungu kwa kifungu?

Mpangaji_Ilazo
Ndugu wanajukwaa, ninaomba mnisaidie kulinganisha njia mbili. Nimepanga nyumba Ilazo, hapa Dodoma, kwa mkataba wa mwaka mmoja ulioanza tarehe 1 Machi, kwa kodi ya shilingi 250,000 kwa mwezi, inayolipwa kila baada ya miezi sita. Mkataba unasema kwamba kodi inaweza kupitiwa upya muda wake utakapokwisha, kwa notisi ya maandishi ya miezi miwili. Mwezi Julai mwenye nyumba ameniletea notisi yenye vifungu vitano: kodi iwe 350,000 kuanzia tarehe 1 Septemba; malipo yawe ya mwaka mzima kwa mkupuo; kodi ya jengo iwe juu yangu; maji yawe 15,000 kila mwezi bila kujali matumizi; na nisipojibu ndani ya siku saba nihesabiwe nimekubali, na nisipolipa nyumba ifungwe. Je, niandike sentensi mbili za kukataa, au nijibu kila kifungu?

Kaka_wa_Nkuhungu
Andika fupi. Sheria ya nyumba hairuhusu mwenye nyumba kupandisha kodi apendavyo, na Baraza la Nyumba ndilo linalopanga kiwango. Mwambie mtaonana huko, naye atashusha mwenyewe.

Mzee_wa_Makole
Kaka, uliyoyasema yalikuwa kweli enzi za sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ambayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo hakuna chombo kinachopanga kiwango cha kodi ya nyumba binafsi, na barua inayotishia kwa sheria iliyokufa humpa mwenye nyumba sababu ya kuidharau yote. Kinachomlinda dada yetu (au ndugu yetu, maana hakujitambulisha) ni mkataba wake wenyewe. Mkataba wa muda maalumu haubadilishwi na upande mmoja katikati ya muda.

Ndiyo maana napendelea kujibu kifungu kwa kifungu. Barua ya kukataa kila kitu hukataa pamoja na yale ambayo mwenye nyumba ana haki nayo, na shauri likifika mbele ya watu wengine, mpangaji ndiye anayeonekana mkorofi. Mimi ningeiandika hivi:

*YAH: MAJIBU YA NOTISI YA KUPANDISHA KODI YA PANGO*

*Nakiri kupokea notisi yako. Kupokea huku si kukubali masharti yaliyomo.*

*Kifungu cha 1: Mkataba wetu unaruhusu kodi kupitiwa muda wake utakapokwisha, yaani mwisho wa Februari. Kwa hiyo tarehe 1 Septemba nitalipa shilingi 1,500,000 za miezi sita, kama tulivyokubaliana.*

*Kifungu cha 2: Mkataba unataja malipo ya miezi sita. Sitaweza kulipa mwaka mzima katika kipindi hiki.*

*Kifungu cha 3: Kodi ya jengo ni wajibu wa mmiliki. Ninaponunua umeme, hukatwa kupitia mita ninayotumia. Naomba tukubaliane namna ya kunirudishia.*

*Kifungu cha 4: Niko tayari kuchangia maji kulingana na bili ya DUWASA. Naomba kuiona bili ili tugawane.*

*Kifungu cha 5: Ukimya wangu usingehesabika kuwa makubaliano, lakini nimejibu ili pasiwe na shaka. Kuhusu kufunga nyumba, naomba mgogoro wowote upitie vyombo vinavyohusika.*

Kifungu cha kwanza na cha pili ndivyo vyenye uzito, kwa sababu tofauti kati ya 1,500,000 unazopaswa kulipa kwa mkataba na 4,200,000 anazotaka yeye ni kubwa mno kuachwa kwenye maneno ya mdomo. Usije ukalipa hata mwezi mmoja kwa 350,000 "ili kupunguza kelele", kwani risiti hiyo ndiyo itakayoonyeshwa baadaye kuwa ulikubali kwa vitendo. Wala usizuie kodi yote kwa sababu mnabishana. Hapo wewe ndiye utakuwa umevunja mkataba. Lipa kiwango cha zamani, siku ile ile, kwa benki au kwa simu, na kwenye maelezo taja miezi unayoilipia.

Fremu_Sabasaba
Mimi nilipandishiwa fremu, nikajibu kwa kukata asilimia 10 ya kodi na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba alinyamaza. Fanya hivyo hivyo.

Mzee_wa_Makole
Ndugu yangu, hiyo ni kodi ya zuio, ambayo mpangaji huikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Si jibu la kupandishiwa kodi, wala hailetwi kama adhabu. Ungepaswa kuikata hata kama usingepandishiwa.

Mama_Mwenye_Nyumba
Nami nina nyumba tatu Kisasa, kwa hiyo niruhusuni niseme jinsi barua hii inavyosomeka upande wa pili. Ningeikubali kwa kifungu cha kwanza na cha pili. Cha tatu kingeniudhi, kwa kuwa nyumba ya kawaida hukatwa 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023, yaani 18,000 kwa mwaka, na mpangaji anayenidai hizo huku anajua nitaamua kuhusu mkataba wake mwezi Februari hana busara. Tena barua ya Mzee haina neno hata moja kuhusu Machi. Aweke humo humo kwamba yuko tayari kuzungumza, kwa mfano, 280,000 kuanzia mkataba mpya.

Mzee_wa_Makole
Kuhusu 18,000 nakubaliana nawe, Mama: aitaje kuwa ni ya mmiliki, lakini asiigombanie, na asijikatie mwenyewe kwenye kodi ya pango bila maelewano. Kuhusu 280,000 nakataa. Pendekezo likiwa ndani ya barua hiyo hiyo, linaweza kusomwa kuwa kiwango cha sasa tayari kiko mezani. Liandikwe peke yake, baadaye.

Mama_Mwenye_Nyumba
Baadaye mimi nitakuwa nimeshampata mpangaji mwingine. Dodoma ya sasa si ile ya kabla ya serikali kuhamia.

Kaka_wa_Nkuhungu
Sawa kuhusu Baraza la Nyumba. Lakini Baraza la Kata bado lipo, aende likamwamuru.

Mzee_wa_Makole
Lipo, ila tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko kila kifungu kilichojibiwa kitakapohitajika, na ndiyo sababu ya kutengeneza nakala mbili: mwenye nyumba asaini moja na kuandika tarehe. Akikataa kusaini, ikabidhiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, naye aandike kwamba ameshuhudia.

Mpangaji_Ilazo
Nashukuru, Mzee, nawe Mama. Nitajibu kifungu kwa kifungu. Cha tatu nitakifupisha kiwe sentensi moja, na la Machi nitaliandika kwenye barua ya pili nitakayoipeleka nikishalipa ya Septemba. Limebaki moja: je, notisi hii ya Julai inaweza kuhesabiwa kuwa notisi ya miezi miwili kwa ajili ya Machi, ingawa yenyewe inataja Septemba?

Mama_Mwenye_Nyumba
Mimi ningesema inatosha, kwani umeshajua nia yake mapema.

Mzee_wa_Makole
Mimi ningesema haitoshi, kwa sababu haisemi lolote kuhusu mkataba mpya. Lakini usijenge hoja yako juu ya hilo. Ukimwomba akupe notisi nyingine, atakupa kabla ya Januari, na utakuwa umemfundisha tu tarehe.