Naomba ushauri: mwanafunzi aliyefupisha insha kwa kuogopa kusahihishwa

Walimu wenzangu, hamjambo? Nafundisha Kiswahili Gredi ya 7 hapa Lamu. Kuna binti aliyerudishiwa insha yenye wino mwekundu kila mstari. Tangu hapo huandika sentensi fupi tano tu, zile ambazo ana hakika nazo. Makosa yamepungua, ila si kwa kuwa amejifunza: anakwepa sentensi ndefu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Sasa nasahihisha aina moja tu ya kosa, upatanisho wa ngeli. Akiandika "majahazi zilitia nanga", napigia mstari "zi" pekee na kumwachia aandike "yalitia" mwenyewe. Sifa naiweka pembeni mwa sentensi inayostahili: "Umeonyesha tanga likishushwa kabla ya nanga, nikaliona jahazi." Neno "vizuri" peke yake halimwambii arudie nini. Wala siunganishi sifa na kosa kwa "lakini", kwani mtoto husikia kilichofuata tu. Alama natoa baada ya kuandika upya. Zikitangulia, maelezo hayasomwi.

Ameanza kurefusha insha kidogo. Nisaidieni mambo mawili. Niongeze lini aina ya pili ya kosa, tuseme tahajia: ngeli zikitulia, au urefu ukirudi kwanza? Na wenzake wanapolinganisha alama ilhali yeye bado hana, nimfanyieje asijione ametengwa? Nawaza kuzuia za darasa zima, ila kusoma nakala zote mara mbili ni kazi kubwa. Aliyejaribu aliigawaje?