Mjadala: Koki inayodondosha uani kwa kanisa inahusu injili?

Mwanakwaya, Dar: Naandika skripti ya video ya dakika tatu kwa vijana wa kanisani, kuhusu kutunza uumbaji. Inaanza na Mwanzo 1:28, "mkaijaze nchi, na kuitiisha". Kisha dada anafunga bomba akipiga mswaki, anatenga taka. Mzee mmoja wa kanisa kaikataa, anasema tunageuza injili kuwa somo la usafi. Mnaonaje?

Baba Joshua: Mzee yuko sahihi. Kutiisha ni kutumia, Mungu katupa tutumie. Kupoteza tu ndiyo kosa, maana hata Yesu aliagiza vipande vya mikate vikusanywe.

Mwalimu wa Biblia: Baba Joshua, hapo kwenye mikate nakuunga mkono, lakini kutiisha hakuishii kwenye kutumia. Soma 2:15: mtu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza". Kitenzi cha Kiebrania cha kutunza hapo ndicho kinachotajwa Hesabu 3 kwa Walawi wanaolinda hema. Kaini naye analitumia neno hilohilo anapouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Mimi ningeanzia hapo.

Mama Neema, Mbagala: Kwetu maji yanatoka mara mbili kwa wiki. Ya kusuuzia nguo napigia deki, yakibaki namwaga chooni. Huyo dada wa mswaki hanihusu kabisa, wanangu wanapigia mswaki kikombe kimoja. Mkitaka kunihubiria mimi, anzeni na koki ya uani kwa kanisa, inadondosha tangu Pasaka.

Fundi bomba: Mama kasema kweli. Kanisani kwetu niliweka chupa ya lita moja chini ya koki kama hiyo, ikajaa kwa dakika 40. Kwa siku ni lita 36, karibu ndoo mbili kubwa. Kwa mwezi inapita uniti moja, na sadaka ndiyo inayolipa. Mpira wa ndani ulikuwa umelika. Watu walizidi kuikaza kwa nguvu, mpaka kile kiti cha shaba mpira unapokaa kikachimbika, na hapo mpira mpya hauzuii kitu, unabadilisha koki nzima. Pia someni mita usiku koki zote zikiwa zimefungwa, msome tena alfajiri kabla mtu hajachota. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja.

Kijana wa Tabata: Mimi taka zote nachoma, na plastiki humohumo, ua unabaki msafi. Si ndiyo utunzaji wenyewe?

Mama Neema, Mbagala: Ua wako msafi, moshi unaingia chumbani kwa mwanangu mwenye pumu. Mwalimu si ametoka kukuambia habari za Kaini?

Mwanakwaya, Dar: Nimeufuta mswaki. Sasa inaanza na chupa chini ya koki, inajaa, na sauti inasoma 2:15. Mzee nimempelekea upya. Amejibu kwamba koki ni kazi ya kamati ya majengo, si ya mimbari. Hapo bado tunabishana.