Kufuta takataka kwa picha ya ufuo: usafi ama uongo?

Mchoraji wa Ngara: Wakuu, hoteli moja ya pwani ya kusini imenipa kazi ya brosha. Picha ya ufuo ni safi kabisa isipokuwa chupa mbili hapa mbele, halafu kuna mstari mrefu wa plastiki na mwani unaoenda hadi mwisho wa picha. Wanataka nifute vyote. Chupa sina shida nazo, lakini huo mstari je?

Baba Imani: Futa ulipwe bana. Hiyo ni tangazo si habari. Wale wa World Press Photo ndio hawakubali mtu atoe kitu kwa picha. Baga ya kwa bango umewahi kuipata hivyo kwa sahani? Watu wanajua.

Fundi wa Kirinyaga Road: Baba Imani, ya habari uko sawa, lakini Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kupotosha mteja na hapo kusema ni tangazo tu hakukusaidii. Mimi huangalia hivi: mtu angepita na gunia kabla ya picha kupigwa, ufuo ungebaki hivyo hadi kesho? Chupa mbili, ndio, mtu alikunywa akaacha, futa. Huo mstari ni pale maji yalipofika yakijaa, na pwani yetu maji hujaa mara mbili kwa siku, kwa hivyo kama mahali pamekaa vibaya utauokota asubuhi na jioni uko tena. Mgeni atakuja aukute.

Nilipata kazi kama hiyo nikauliza hoteli nani anaokota, anaokota hadi wapi, na picha ni ya mwezi gani. Wakasema vijana hupiga reki kila asubuhi lakini mbele ya vyumba tu, na mpiga picha alifika kabla yao. Basi mbele ya vyumba nikafuta, maana mgeni akiamka ndivyo anavyopaona. Upande wa kulia kulikuwa na mtaro unaomwaga baharini, nao wakataka uondoke, hapo nikakataa, nikaikata picha iishie kabla ya mtaro.

Mama Tasha: Mimi haya yalinipata. Tulilipia kuona picha ya maji ya buluu, tukaenda Aprili mvua imeanza, maji ni ya matope na takataka za mitaro ziko hadi kwa ngazi. Kuuliza, naambiwa picha ni ya Januari. Pesa hawakurudisha. Na kwani plastiki si ilipigwa marufuku 2017, mbona hiyo hoteli isishtakiwe tu?

Fundi wa Kirinyaga Road: Pole mama. 2017 ilikuwa mifuko ya kubebea, chupa hazikuguswa. Juni 2020 ndio wakakataza plastiki za kutumia mara moja kwa fuo na mbuga, lakini hiyo inamzuia anayebeba kwenda ufuoni, ile inayoletwa na mto ama bahari haina wa kumshika. Na picha yako labda haikuguswa hata kidogo! Ilikuwa ya kweli, ya mwezi mwingine, na bado ulipotoshwa.

Mwanakombo: Jamani mbona mwani mnauweka na takataka? Mimi ni wa Ukunda, niko South B kikazi tu. Mwani huja na msimu wake, kaa wanakula humo na unasaidia kushika mchanga. Ukiufuta kwa brosha, mgeni akifika aukute anaenda kulalamika reception eti ufuo mchafu, halafu anayeamrishwa kuuzoa wote ni kijana wetu. Toa plastiki ukitaka, mwani uache.

Mchoraji wa Ngara: Dada, vimeshikana, nimejaribu. Kwa Content-Aware Fill ya Photoshop inanitolea mwani uliojirudia, kipande kile kile mara tatu.

Fundi wa Kirinyaga Road: Huo mstari umekaa karibu na mpaka wa mchanga mkavu na mbichi, ndio maana. Clone Stamp nayo ukichukua mchanga mkavu kwa mbichi inaacha kiraka cheupe. Angalia pia vivuli, watu hufuta chupa wakaacha kivuli chake, na nyayo zinakatika ghafla. Kusema kweli, mwambie mpiga picha arudi saa tatu asubuhi, baada ya reki, ni rahisi kuliko kuhangaika siku nzima.

Baba Imani: Hapo sasa. Fundi anakataa kufuta mtaro lakini anaukata. Mgeni ataonaje tofauti? Hajauona vyote viwili.

Fundi wa Kirinyaga Road: Kila picha ina mwisho wake na mtu anajua kuna kitu nje ya hapo. Nikifuta, nimechora mchanga pasipo na mchanga.

Mama Tasha: Mimi nikipata harufu ya huo mtaro nikiwa kwa chumba, hizo hesabu zenu hazinisaidii.

Mchoraji wa Ngara: Nimewauliza wa hoteli nani anaokota. Wamesema "hiyo ni kazi ya kaunti." Sasa?