Mkwawa alishindwa na bunduki, au na njaa? Mjadala wa vita vya msituni

Mchana mbao, Mafinga (mwenye swali)
Kamwene wote. Juzi nilipeleka wageni Lugalo kuona mnara, wakaniuliza swali nikabaki nimeduwaa. Wajerumani walikuwa na mizinga, na Kalenga, mji mkuu wa Mkwawa chifu wa Wahehe, waliiteka mwaka 1894. Mbona iliwachukua karibu miaka minne mingine kumpata mtu mmoja? Na mwisho kilichomshinda ni bunduki, au ni kitu kingine?

Dereva wa lori, Mbeya
Kaka, jibu uliliona pale pale kwenye mnara. Tarehe 17 Agosti 1891 Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alikuja na askari zaidi ya 300 pamoja na wapagazi, wakitembea kwenye mstari mrefu katikati ya vichaka. Mizinga ilikuwa imefungwa migongoni mwa punda. Wahehe walilala kwenye majani mpaka mstari ukaingia wote, kisha wakainuka na mikuki. Zelewski mwenyewe aliuawa, na Wazungu wengi aliokuwa nao waliuawa pia. Hivyo ndivyo vita vya msituni vinavyopiganwa. Mkwawa aliharibikiwa pale alipojifungia nyuma ya ukuta Kalenga. Angeendelea na mtindo wa Lugalo, wasingempata kamwe.

Mwalimu wa historia, Kalenga
Dereva, kuhusu ukuta tuko pamoja. Kuhusu Lugalo sikubaliani nawe, kwa sababu ukiielewa vibaya Lugalo huwezi kulijibu swali la huyu ndugu.

Lugalo halikuwa jambo la kikundi kidogo cha msituni. Ilikuwa dola yenye jeshi, watu wapatao 3,000 waliokusanywa kwa amri ya mtu mmoja, wakapiga pigo moja. Wahehe wenyewe walipoteza watu wengi siku ile, na wengine walikufa baadaye kwa majeraha. Ushindi wa namna hiyo huwezi kuurudia kila mwaka. Mjerumani akipoteza kikosi, meli inaleta kingine. Mhehe akipoteza vijana wa rika moja, anasubiri wengine wakue. Naamini ndiyo maana baada ya Lugalo Mkwawa hakushuka pwani kuwafukuza, alirudi kuimarisha boma.

Vita vya msituni vyenyewe vilianza baada ya tarehe 30 Oktoba 1894, Kalenga ilipoanguka. Angalia walichofanya Wajerumani: walibomoa, wakachukua pembe na baruti, wakarudi pwani. Walidhani ukishateka mji mkuu umeteka nchi. Mkwawa alikuwa ametoka, na nchi ilibaki inamtii. Wazee waliamua kesi kwa jina lake na chakula kilimfikia. Karibu miaka miwili ilipita hivyo, na Mjerumani akagundua kwamba alichoteka ni mawe.

Mwaka 1896 ndipo ofisa wa Kijerumani Tom von Prince, yule waliyemwita Sakarani, alipokuja kujenga kituo cha kudumu hapa Iringa. Kuanzia hapo alikuwa na doria zinazolala nchini, siyo safari ya kuja na kuondoka. Hata hivyo doria zilitafuta bila kupata. Hebu jiweke mahali pa askari wa doria. Uko kwenye milima ya Udzungwa, hujui njia, unamuuliza mwenyeji, naye anakuelekeza bonde la pili. Wakati huo mtoto wake ameshakimbia kupeleka habari bonde la kwanza. Bunduki ya rashasha haina kazi hapo, kwa sababu hujui uilenge wapi.

Askari wa wanyamapori mstaafu, pembezoni mwa Ruaha
Mwalimu, hayo ya mtoto kukimbia nimeyaishi miaka mingi. Sikupigana vita, nilifukuza majangili, lakini nawaambia ni kazi ile ile. Kikosi chetu kilikuwa na gari, redio na silaha nzuri kuliko zao. Tukiingia pori, moshi wa jikoni kwao bado unafuka na hakuna mtu. Kijiji kizima kinajua tumepita saa ngapi.

Mwaka mmoja kiongozi wetu alikasirika, akaamuru vijana wa kijiji kimoja wapigwe wote ili waseme. Walisema, ndiyo. Walitaja majina ya wagomvi wao, tukakamata watu wasiohusika, na kwa miezi mingi hakuna aliyetupa hata maji. Tulirudi nyuma kuliko tulipoanzia. Mambo yalibadilika pale mwenzetu mmoja alipopangiwa kukaa kijiji hicho hicho muda mrefu, akaoa huko, akawa anajua nani amenunua pikipiki bila kuuza mpunga. Kwa hiyo mimi nasema siyo njaa wala bunduki. Ni habari. Ukijua mtu analala wapi, askari watano wanatosha.

Mama wa duka, Makambako
Shikamooni wakubwa. Mnaongea habari za wanaume na bunduki, hebu niulize. Kila mjadala wa Iringa ni Mkwawa, Mkwawa. Mbona Majimaji hamyataji? Bibi yangu alikuwa Mbena, alisimuliwa na mama yake kwamba watu walichimba mizizi ya porini kwa sababu ghala zote zilichomwa. Na waliokuja kuchoma hawakuwa Wajerumani peke yao, walikuwemo majirani zetu kutoka huko Iringa. Hilo halisemwi.

Mwalimu wa historia, Kalenga
Mama, marahaba, na ninalisema mimi Mhehe: ni kweli. Mwaka 1905 Wabena walipoishambulia misheni ya Yakobi, Wahehe wengi walikuwa upande wa Mjerumani. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Mkwawa afe. Jeshi la mkoloni lisingefika popote bila Waafrika waliolijaza, na kwa nini walilijaza ni jeraha la kwetu sisi wenyewe.

Tena umelileta swali mahali pake hasa. Kwenye Majimaji maofisa wa Kijerumani waliliandika bila kuficha: risasi haziwamalizi watu waliotawanyika, njaa itawamaliza. Gavana alikuwa Götzen. Wakachoma mashamba, wakachukua akiba, wakazuia watu wasipande. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, kuanzia 75,000 hadi karibu 300,000, na wengi wao hawakuwahi kushika mkuki.

Sasa rudi nyuma umwangalie Prince. Vijiji vilivyoshukiwa kumlisha Mkwawa vilichomwa, watu wakahamishwa kutoka kwenye maeneo aliyojificha. Mwaka 1898 zikatangazwa rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Mzee wa wanyamapori, hapa ndipo ninapotofautiana nawe kidogo. Habari unayoisema ilipatikana, lakini ilipatikana baada ya njaa. Wahehe walimficha kwa miaka, na siamini kwamba ghafla walipenda fedha. Walichoka. Kila aliyempa kibaba cha unga alijua nyumba yake itaungua. Wafuasi wakapungua, mwisho akabaki na vijana wawili. Julai 1898 doria ya Sajini Merkl ilimpata mmoja wao, akawaonyesha njia. Tarehe 19, pale Mlambalasi, walimkuta ameshajipiga risasi mwenyewe. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani, kikarudi Kalenga mwaka 1954.

Mwanafunzi wa chuo, Mbeya
Ndaga, mwalimu, nimejifunza. Ila kama njaa na kuhamisha watu ndiyo dawa, mbona Smith, waziri mkuu wa Wazungu wa Rodeshia, alishindwa? Naye aliwahamishia watu kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge ili wapiganaji wasipate chakula. Na kwenye mapigano walishinda karibu kila siku. Novemba 1977 walivuka mpaka wakashambulia kambi ya Chimoio, Msumbiji, wakaua watu zaidi ya elfu moja, wakiwemo wakimbizi. Miaka miwili baadaye wakakaa mezani London, na mwaka 1980 nchi ikawa Zimbabwe. Wapiganaji wa ZANLA, jeshi la msituni lililopigana na Smith, walifundishwa Mgagao, hapa hapa mkoani Iringa! Kwa hiyo nadhani wa msituni hashindwi kama watu wanampenda.

Askari wa wanyamapori mstaafu, pembezoni mwa Ruaha
Kijana, kupenda peke yake hakutoshi. Wahehe walimpenda Mkwawa kuliko wengi tunavyowapenda viongozi wetu.

Mwalimu wa historia, Kalenga
Mzee amenitoa neno mdomoni. Tena tusipambe. Kule Rodeshia wapiganaji waliitisha mikutano ya usiku, pungwe, watu wakaimba na kufundishwa siasa, lakini aliyeitwa msaliti aliweza kuuawa mbele ya jirani zake. Mwanakijiji alibanwa pande mbili.

Tofauti kubwa umeitaja mwenyewe bila kuigundua: Mgagao. Mpiganaji wa ZANLA alikuwa na mahali pa kulala usingizi. Alifundishwa Iringa, na baada ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975, mpaka wa zaidi ya kilomita 1,000 ukawa mlango wazi. Ukimchomea ghala upande wa ndani, anakwenda nje kula, anarudi. Hata Chimoio ilipopigwa, zilibaki kambi nyingine, na nyuma ya kambi palikuwa na nchi.

Mkwawa mgongo wake ulikuwa wapi? Mashariki ni Mjerumani anayepanda kutoka pwani. Magharibi ni chifu Merere wa Usangu, ambaye Wahehe walikuwa wamempiga na kumfukuzia mbali; Mjerumani alipokuja alimwona kama mkombozi. Hakuwa na Mgagao yake. Kule Asia, katika nchi ya Malaya iliyotawaliwa na Waingereza, ilikuwa hivyo hivyo. Waingereza waliwahamisha watu karibu nusu milioni na wakashinda, lakini waasi wale wengi walikuwa Wachina katika nchi ya Wamalai, hawakuwa na jirani wa kuwafuga, na uhuru ulikuja mwaka 1957 ukawanyang'anya hoja.

Mchana mbao, Mafinga (mwenye swali)
Mwalimu, kwa nini Prince hakutafuta Mhehe mwingine wa kutawala, watu wamfuate huyo, wamsahau Mkwawa? Kwa akili yangu ingekuwa rahisi kuliko kuchoma nchi.

Mwalimu wa historia, Kalenga
Alijaribu. Desemba 1896 alimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Februari 1897 akamnyonga, kwa tuhuma kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Mimi huwa nasimama hapo kila nikifundisha. Kama tuhuma ilikuwa ya kweli, mtawala wao mpya alikuwa mpelelezi wa msituni. Kama ilikuwa ya uongo, walimuua mtu pekee aliyekubali kuwa upande wao, na kila Mhehe mwenye cheo akaona malipo yake ni nini. Kwa vyovyote vile walipoteza. Jeshi geni lisilojua lugha haliwezi kumtofautisha anayeunga mkono na anayejifanya, basi mwisho linamwogopa kila mtu.

Dereva wa lori, Mbeya
Mimi kwenye ukuta sijaondoka. Angebomoa Kalenga mwenyewe mwaka 1892, akatawanya ghala milimani, labda Prince angechoka kabla ya watu.

Mama wa duka, Makambako
Na ghala hizo milimani nani angezijaza? Ni sisi tena, na mtoto mgongoni. Mwalimu, hapo makumbusho ya Kalenga kuna bunduki na mikuki, na fuvu la chifu. Waliompelekea unga miaka yote minne wameandikwa wapi?

Mwalimu wa historia, Kalenga
Hawajaandikwa, mama. Bibi yako alisimuliwa mengi na mama yake. Kama wapo wazee wa ukoo wanaoyakumbuka, nitakuja Makambako na daftari.