Seti ya visu "chuma cha Kijerumani" 95,000: ninunue au niache?

MamaLishe_Mbezi: Wakuu, naomba macho yenu. Kuna duka Kariakoo wanauza seti ya visu vitano kwa 95,000. Boksi linasema chuma cha Kijerumani kwa herufi kubwa. Kisu kikubwa kina mawimbi ya Dameski ubavuni na maandishi X50CrMoV15. Mpini mweusi, ribiti tatu. Nakata nyama na samaki kila siku. Nilipe?

MzeeWaSumaku: Nenda na sumaku. Ikinasa ni feki, stenlesi halisi hainasi.

FundiMakali: Mzee, hiyo ni ya vijiko na uma vya stenlesi ya 18/10. Ubapa wa kisu lazima ukazwe kwa moto, na chuma kinachokazika hunasa sumaku. Kisu kisichonasa ndicho cha kuogopa. Ila kunasa tu hakuthibitishi ubora.

Dada, mimi kinachonishtua ni hayo mawimbi. X50CrMoV15 ni chuma cha aina moja, kizuri tu kwa jikoni, kaboni kama nusu asilimia na kromiamu kama 15. Hakitoi mawimbi. Mawimbi ya kweli hutoka kwenye tabaka za vyuma tofauti, na kwa visu vingi vya jikoni hukatika kabla ya makali, chuma cha katikati kikabaki wazi. Mawimbi bandia ya kuchorwa kwa leza huteremka hadi kwenye makali yenyewe, na mara nyingi pande mbili zinafanana kama zimepigwa muhuri mmoja.

Kisha tazama mpini kwa juu na kwa chini. Chuma kikipita chote, utaona ukanda wake umezunguka katikati ya vipande viwili vya mpini. Ribiti za kulia zitazamane na za kushoto, na ukipitisha ukucha usikwame.

BabaZuu: Seti yangu ina madoa ya kutu, nimeuziwa feki?

FundiMakali: Baba Zuu, ukiviloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi, hata halisi vitapata madoa.

Shemeji_wa_Ilala: Chuma cha Kijerumani si sawa na kutengenezwa Ujerumani. Tafuta nchi ya kiwanda kwenye boksi. Jina la Solingen, mji wa visu huko Ujerumani, linalindwa na sheria ya nchi hiyo tangu 1938, kwa hiyo wajanja wanaishia kuandika Ujerumani tu.

MamaLishe_Mbezi: Nimerudi dukani. Mawimbi yanafika kwenye makali na pande zote ni yale yale. Ukanda wa chuma upo juu tu, chini ni plastiki tupu. Ribiti za upande mmoja zimepishana na za pili! Boksi halina nchi. Muuzaji kashuka hadi 60,000.

FundiMakali: Hizo ribiti ni vifuniko tu, zimebandikwa. Ukali siwezi kuupima kwa maelezo, huenda kinakata vizuri mwezi wa kwanza. Kwa 60,000 ningetafuta kisu kimoja. Na usidharau mpini wa plastiki usio na ribiti, vile vya Victorinox vya buchani viko hivyo.

Shemeji_wa_Ilala: Mimi ningechukua kwa 40,000, nikinoa kila asubuhi.